Wasalimie Nyumbani

Binti wa kaka yangu anaishi Kigamboni, na shughuli zake za mjini anavuka kwa pantoni. Mwezi uliopita aliitwa kwenye usaili wa kazi Posta. Alishalipia nauli, ameshaingia ndani pale watu wanapokaa kusubiri, geti linakaribia kufunguliwa, akamwona kijana aliyeachana naye mwaka jana amesimama mbele kabisa, begi mgongoni. Akageuka. Akapenya katikati ya watu waliokuwa wanaingia na baiskeli na ndoo za samaki, akatoka hadi barabarani. Pantoni likaondoka bila yeye, lililofuata likachelewa, na alipofika kwenye usaili jina lake lilikuwa limeshaitwa na kurukwa.

Jioni alikuja kwangu. Nilidhani atalilia kazi, lakini alikuwa na swali moja tu: "Shangazi, kwani ningemwambia nini?"

Lile swali lilinigusa, kwa sababu hata mimi niliwahi kulibeba na sikuwa na wa kumuuliza. Wazee wetu wanatufunda jinsi ya kumsalimia mkwe, mgonjwa, mfiwa na mgeni. Mtu uliyelala naye kitanda kimoja, ukajua anavyokohoa usiku, kisha mkaachana, hakuna aliyenifunda namna ya kumsalimia nikikutana naye njiani. Nikamwambia mpwa wangu akae, nikamsimulia yaliyonifika Tanga.

Niliachwa kwa talaka moja. Mume wangu akabaki Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nami nikarudi kwa mama, mitaa michache kutoka pale. Duka la unga ni lile lile, msikiti ni ule ule, kituo cha daladala ni kile kile. Anayetaka kuachana na mtu Tanga mjini na asimwone tena, lazima ahame mji.

Nilikaa eda ya tohara tatu kama inavyotakiwa. Katika kipindi kile mama alikuwa mkali mno juu ya salamu. Aliamini kwamba mume akinikuta njiani nikamjibu kwa sauti nzuri, watu watasema nimerejewa. Ilibidi shehe wa mtaa aje kumweleza kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, rejea ni tamko la mume mwenyewe, analitamka wazi kabla eda haijaisha. Salamu haimrudishi mke. Eda ikaisha bila tamko lolote, na yule bwana akawa ajnabi kwangu, mwanamume kama wanaume wengine wa mjini. Dini ilikuwa imeshaniwekea mpaka. Kilichobaki ni adabu ya njiani, na hiyo ndiyo iliyonisumbua.

Kitu cha kwanza kilichonisumbua kilikuwa shikamoo. Mume wangu alinizidi umri, na nyumbani kwetu nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Sasa nikimkuta njiani nimwamkie tena? Nikimwamkia, anajibu marahaba kwa sauti ile ile ya chumbani, na wote wawili tunarudi pale tulipoondoka. Nisipomwamkia, waliotuzoea watasema talaka imenitoa adabu. Niliwaza jambo hili usiku mwingi, hadi siku yenyewe ilipofika.

Nilikuwa kwenye daladala linalotoka Raskazone kwenda mjini, nimekaa dirishani. Akapanda. Alipoinama kuingia alitoa salamu kwa gari zima kama walivyo wapandaji wengi wa kule: "Asalaam alaykum." Gari zima likajibu, nami nikajibu humo humo, kwa sauti ya kusikika. Kisha macho yetu yakakutana. Alikaa kiti cha mbele yangu, akageuza uso nusu.

"Hujambo, mama?" akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Sijambo. Habari za kazi?"

"Nzuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Ikawa imekwisha. Lakini safari ilikuwa bado, na tulikuwa tumekaa karibu kiasi kwamba niliona uzi uliochomoka kwenye kola ya shati lake, lile shati la kijivu nililokuwa nikimpigia pasi. Akageuka tena: "Ee, habari zaidi?" Nikasema, "Salama tu." Nikafungua pochi kumtafutia konda nauli, kisha nikatazama nje. Naye akatazama mbele. Hakuna aliyemnunia mwenziwe.

Nilipotulia nikaona mambo mawili. Salaam ilikuwa imetuokoa na shikamoo. Shikamoo hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, lakini salaam hutolewa na yeyote kumpa yeyote, ikajibiwa sawasawa, na hakuna anayeshuka wala kupanda. Asiye Mwislamu ana "habari za asubuhi", inafanya kazi ile ile. Na jina la mtoto nalo lilitusaidia. Aliponiita mama wa mtoto wake alikuwa ametaja kitu pekee ambacho bado ni chetu sote, bila kugusa kilichokwisha.

La pili ni lile "habari zaidi". Salamu zetu ni ndefu, na urefu wake ndio heshima yake. Unauliza habari za nyumbani, za watoto, za wazee, za kazi, za huko utokako, na jibu ni nzuri, nzuri, salama. Kwa mtu mliyeachana, mlolongo ule ule ndio unaowaingiza mashakani. Dalili ni rahisi kuitambua. Mmoja akiuliza habari mara ya pili baada ya kwisha kujibiwa, ujue maneno ya salamu yamemwishia na kinachofuata ni kimya. Katika kimya hicho ndipo watu huokota maneno yasiyofaa: mbona umepungua, mbona umenawiri, nasikia umehama, ungejua ningekuwa hivi sasa. Nimesikia watu wazima wakitoa machozi sokoni kwa sababu ya "mbona umepungua". Kwa hiyo jibu la "habari zaidi" ni "salama tu", na mkono uanze kazi nyingine pale pale, nauli, kikapu, mtoto, chochote cha kweli. Mkiwa kwenye gari au foleni na hakuna anayeweza kuondoka, salamu inaweza kwisha na nyinyi mkabaki mmekaa. Kutazama nje baada ya kusalimiana si kununa.

Mara nyingine iliyonifunza ilikuwa kwenye soko la Mgandini, na safari hii hakuwa peke yake. Nilikuwa nachagua nazi. Muuzaji, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, alikuwa anaigonga kila moja kwa kisu na kuitikisa sikioni asikilize maji kabla ya kunipa. Nikasikia sauti ninayoijua ikiuliza bei ya ndimu meza ya pili. Nilipoinua uso nikamwona, na pembeni yake mke wake mpya, mjamzito, amejitanda kanga. Mke ndiye aliyeniona kwanza. Alinijua. Nilijua kwamba ananijua kwa namna alivyoshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nilimsalimia yeye kwanza. "Asalaam alaykum, dada. Hujambo? Habari za nyumbani?" Nilimtazama yeye, usoni, wala si tumboni. Akajibu kwa sauti ndogo. Ndipo nikamgeukia bwana: "Hujambo, baba?" nikataja jina la mtoto wetu. Akajibu. Mke yule akaachia mkoba, akanitazama vizuri, akaniuliza nazi za leo bei gani. Nikamwambia.

Tangu siku ile naamini kwamba mtu wako wa zamani akiwa na mwenzi wake, salamu ni ya mwenzi. Yule ndiye asiyejua utakuja na nini. Ukianza na mwanamume, hata kwa neno jema, mke anabaki pembeni kama mtu anayesikiliza simu ya watu wengine, na wakifika nyumbani maneno yataanzia hapo. Ukianza na mke, mume anapokea salamu yake baadaye, mbele ya mkewe, na hakuna kilichofichwa. Mwanamume anayemkuta aliyekuwa mkewe na mume mpya afanye vivyo hivyo, ampe mkono yule bwana kwanza.

Mkono wenyewe nao una maneno yake. Kwetu pwani watu wakishikana mikono hawaachiani upesi, wanaweza kuzungumza mambo yote huku viganja vimekaa pamoja. Kwa aliyekuwa mume, hilo halifai hata kwa asiyeshika dini sana, maana kiganja kina kumbukumbu zake. Siku ile mikono yangu ilikuwa na nazi. Siku nyingine naweka kiganja kifuani, nainamisha kichwa kidogo, na hakuna aliyewahi kuniona nina kiburi.

Pale Mgandini kulizuka jambo jingine. Nilipouliza nazi zangu ni kiasi gani, bwana akaingiza mkono mfukoni na kumwambia mzee, "Nitalipa mimi." Najua hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amezoea kulipa, na pengine aliona aibu kusimama bure. Lakini mzee wa nazi aliacha kugonga, muuza ndimu akanyamaza, na mke wake akatazama chini. Nikatoa noti yangu nikamwekea mzee mkononi. "Ahsante sana, nimeshalipa." Kisha nikaaga: "Haya, nisiwacheleweshe. Mchana mwema." Nikaondoka kwa mwendo wangu wa kawaida.

Kuaga ndiko watu wengi wanakoharibu. Mdomo wetu umezoea kuaga kwa ukarimu: karibu nyumbani, usipotee, tutafutane, tutaonana. Kwa rafiki hayo ni mapambo. Kwa mliyeachana, kila moja ni ahadi, na mmoja wenu akiwa bado ana kidonda atakwenda nayo nyumbani akeshe nayo. Mtu akikuambia "nipe namba yako basi" na hamna mtoto wala deni, mjibu kwa upole kwamba mkikutana mtasalimiana, inatosha. Akiwa peke yake mimi namwambia, "Haya, wasalimie nyumbani." Maneno haya kila mtu anayajua na hayamshtui yeyote. Yanafunga mazungumzo, na yanasema kwamba natambua ana nyumba na kwamba mimi si wa nyumba hiyo. Naye hujibu, "Salamu zimefika," kila mtu akashika njia yake.

Kisha mama wa yule bwana akafariki. Msibani si sokoni, mtu haendi kwa bahati, lakini sikujua nitakutana naye mlangoni kabisa. Nilikuwa nimejitanda kaniki, naingia upande wa wanawake kukaa jamvini, naye anatoka kuwapokea waliotoka Pangani. Baba yake, mzee aliyekonda sana, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale pale kizingitini.

Nilipiga magoti kwa mzee, nikampa mkono, nikasema "Shikamoo, baba. Pole." Mzee alinishika mkono muda mrefu, akasema marahaba, akaniita mwanangu. Baba mkwe hageuki ajnabi kwa talaka. Kwa sheria ya dini yetu anabaki maharimu wa mke aliyeachwa na mwanawe hadi kufa, kwa hiyo mkono ule ulikuwa halali na ulikuwa wa kweli. Kijana wake alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale. Kwake niliinuka, nikaweka kiganja kifuani, nikasema "Pole kwa msiba." Akajibu, "Nimeshapoa. Ahsante kwa kuja." Nikaingia ndani.

Niliwaza sana juu ya hatua ile moja. Ilinionyesha kwamba talaka haikuwakata watu wote niliowapenda katika nyumba ile, ilimkata mmoja. Na kwamba msiba hauuliziwi habari. Pole inatolewa, inajibiwa, mtu anakaa chini. Kuna wanaotumia msiba kurudisha maongezi, kwa sababu mfiwa ana moyo laini na hana nguvu za kuweka mpaka. Huko ni kumwonea. Kama una la kumwambia, msubiri arobaini ipite, na nina hakika ukisubiri utagundua huna la kumwambia.

Niliposimulia hayo, mpwa wangu alisema hali yake ni nyingine. Wao hawakuoana, hawana mtoto, hivyo hana jina la mtoto la kumwitia. Walikuwa wakiitana majina ya mapenzi tu, na jina halisi la yule kijana halimkai mdomoni. Nikamwambia ndilo atakalolitumia hilo hilo, jina analoitwa na mwalimu na bosi wake. Na asipoweza kulitamka, salamu haidai jina. "Mambo, habari za asubuhi" inatosha kwa watu wa umri wao. Na atangulie yeye kusalimia. Anayetangulia ndiye anayeamua salamu itakuwa na urefu gani, na anayejificha anakaa roho juu hadi aonekane.

Akaogopa kitu kimoja: "Na machozi yakinitoka?" Nikamwambia kwamba hatari hiyo ipo katika miezi ya mwanzo, na kwa sababu hiyo salamu za mwanzo ziwe fupi kuliko zote. Akiwa mbali, kama upande wa pili wa barabara, ainue mkono na kuendelea. Kuinua mkono ni salamu kamili. Hakuna anayemdai asogee karibu apimwe kama ameshapona.

Wiki mbili baadaye walikutana kweli, Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya simu lililojaa watu. Alinieleza neno kwa neno. Alikuwa anabandikiwa kioo cha simu, kijana akaingia kuuliza chaja. Akamwita kwa jina lake halisi. "Mambo? Habari za kazi?" Kijana akashtuka, akasema poa, kazi zipo, akamuuliza na yeye vipi. "Namshukuru Mungu." Kijana akasema, "Siku nyingi," na akanyamaza, yaani pale pale pa hatari. Mpwa wangu akasema, "Ndiyo. Haya, ngoja nimalizane na fundi. Wasalimie nyumbani," akamgeukia fundi. Fundi hakujua hata kwamba kuna kitu kimepita. Binti alitetemeka mikono, aliniambia, lakini simu ilibandikwa kioo na alilipa na akaondoka kwa mlango wa mbele.

Yako mazingira ambayo hayo yote hayamhusu mtu. Mwenzangu mmoja tuliyefanya naye kazi alipigwa na mumewe hadi akavunjwa mkono, akaondoka usiku. Watu wa ukoo walimwambia, "Ukimkuta msalimie, msiwe maadui." Nilimwambia hapana, na bado nasema hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kumpiga mwenziwe, na aliyepigwa hadaiwi salamu na aliyempiga. Akimwona, asogee walipo watu wengi, dukani au kituoni, na akifuatwa aende dawati la jinsia na watoto polisi. Anayekufuata baada ya kumsalimia na kumuaga, anayeshika mkono wako usipoutoa, anayekusubiri kila siku njia ile ile ukitoka kazini na kuiita bahati, huyo hakutani nawe. Anakuwinda. Adabu yetu iliwekwa kwa ajili ya watu wawili wanaotaka kupishana kwa amani, na isitumiwe kumfunga miguu anayetaka kukimbia.

Sasa nina neno kwa walio pembeni. Siku ile ya nazi, nilipofika nyumbani nikiwa nimebeba kikapu, kaka yangu alikuwa ameshapigiwa simu. Jirani mmoja aliyekuwa akinunua nyanya alimwambia kwamba nimeonekana na yule bwana sokoni, tunacheka, na ananilipia vitu. Maneno yakafika pia kwa mke wa yule bwana, na nilisikia baadaye kwamba alilia usiku kucha, mwanamke aliyekuwepo mwenyewe na kuyaona yote kwa macho yake. Sisi watatu tulikuwa tumemaliza jambo letu pale sokoni kwa maneno machache na heshima. Lililotuumiza lilitoka kwa mtu asiyehusika.

Basi ukiona wawili waliowahi kuoana wanasalimiana kituoni, usimkonyeze mwenzako, usiinue simu kuwapiga picha, usimfuate mmoja wao baadaye kumuuliza "vipi, mmerudiana?" Nunua nyanya zako. Waache wasalimiane na waende.